Jiwe jeusi linachora mstari mwekundu, jiwe jekundu linachora mweupe. Wanaojua mawe naomba mnieleweshe

FundiMarumaru_Nyegezi

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kuweka marumaru, niko Nyegezi hapa Mwanza. Juzi shemeji yangu alivuka daraja la Busisi akitokea upande wa Geita na mfuko wa mawe manne. Anatafuta mtu wa kununua madini ya chuma, na haya ndiyo sampuli zake. Mnunuzi wa kwanza aliyamulika kwa tochi, akachagua kwa macho: lile jekundu linalopendeza akasema ndilo chuma chenyewe, lile jeusi linalong'aa akalisukuma pembeni, eti jiwe tu.

Mimi nilikumbuka kitu tulichofundishwa sekondari, kwamba jiwe ukiliburuza kwenye kauri isiyong'arishwa, unga unaobaki ndio unakuonyesha rangi yake ya kweli. Vipande vya marumaru ninavyo gunia zima. Nikachukua cha kauri nyeupe, nikageuza upande wa nyuma, nikaburuza yote manne. Nilichokipata kimenichanganya:

Namba 1 ni jeusi la kijivu, linang'aa kama chuma kilichopigwa msasa. Mstari wake ni mwekundu kama damu iliyokauka.

Namba 2 ni la udongoudongo, jekundu, linachafua mikono. Mstari wake ni uleule wa namba 1, ukiviweka pamoja huwezi kutofautisha.

Namba 3 ndilo jekundu zuri, gumu, laini ukiligusa. Hili ndilo mnunuzi alilolipenda. Mstari wake ni mweupe!

Namba 4 ni jeusi, zito, linashika sumaku. Mstari wake ni mweusi wenye wekundu kwa mbali.

Sasa swali langu: niamini macho au niamini kigae? Na kama ni kigae, kwa nini?

KijanaWaIgoma

Mkuu hiyo namba 1 ni kutu tu. Chuma kikinyeshewa kinashika kutu, na kutu ni nyekundu. Umeparua kutu ya juu ikabaki kwenye kigae. Ndani ni jeusi kama unavyoliona.

MzeeNyundo

Fundi, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana swali lako ni zuri. Nimefanya kazi miaka mingi kambini na wajiolojia ukanda huu wa ziwa, kubeba sampuli, kuzikata na kuziandikia. Kijana wa Igoma usimpuuze, hofu yake ni ya haki kabisa. Jiwe lililokaa juani lina ganda, na ukiburuza ganda unapata rangi ya ganda. Kwa hiyo kabla ya neno lolote lingine, chukua nyundo, funika jiwe kwa kitambaa lisirukie macho, livunje. Buruza ile sura mpya ya ndani ambayo haijawahi kuona hewa. Osha kigae kwanza ukikaushe. Kisha tupe jibu.

FundiMarumaru_Nyegezi

Nimevunja namba 1, Mzee. Ndani ni jeusi linang'aa zaidi ya nje, linametameta kama vioo vidogo vidogo. Nimeburuza hapo. Mstari ni mwekundu uleule, tena umekolea zaidi.

MzeeNyundo

Basi kutu ya juu haimo. Hiyo ni hematiti, na namba 2 pia ni hematiti. Ni kitu kimoja, `Fe2O3`, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, kilichovaa nguo mbili.

Nieleze kwa chai. Ukipika chai ya rangi kali, ukaitazama ndani ya sufuria kutoka juu, ni nyeusi. Ichote kwa kijiko: ni nyekundu ya kahawia. Chai haikubadilika, kilichobadilika ni unene ambao mwanga unalazimika kupita. Hematiti ni hivyo, ila yenyewe inakunywa mwanga kwa nguvu sana. Inameza rangi ya bluu na ya kijani, inaachia nyekundu ipite, lakini hata hiyo nyekundu haifiki mbali. Katika punje nene mwanga wote unaoingia unaishia ndani. Unachokiona juu ni mwanga ambao haukuingia kabisa, ule uliogonga uso laini ukarudi kama unavyorudi kwenye kisu. Ndiyo maana unaliona la kijivu na linang'aa. Hujaiona rangi ya jiwe hapo, umeona mng'ao wa uso wake.

Ukiliburuza kwenye kauri unalisaga. Punje zinakuwa nyembamba mno kiasi kwamba mwanga unaingia, unapita, unatoka upande wa pili, unaigonga nyingine, na kila ukipita unapunguziwa bluu na kijani. Kinachofika jichoni ni chekundu. Namba 2 haikuhitaji kusagwa, maumbile yalishaifanya unga. Kwa hiyo kauri imeyaleta mawe yote mawili kwenye hali moja, ndipo unaweza kuyalinganisha. Usoni kila jiwe lina ukubwa wake wa punje, ulaini wake na ganda lake. Kwenye kigae tofauti hizo umeziondoa kwa kusaga.

Jaribu hili ujionee. Mahali mstari wa namba 1 ulipokuwa mzito na wenye giza, pasugue kwa kidole. Utaona unazidi kuwa mwekundu, kwa sababu unazisaga punje zilizobaki kubwa.

SeremalaButimba

Wakuu naingilia kidogo. Hilo namba 2 si ndiyo ngeu? Marehemu baba alikuwa na jiwe la namna hiyo, analiponda, anachanganya na maji, anachovya uzi, anaupigisha kwenye ubao kabla ya kupasua. Mstari haufutiki hata ubao ukikaa mwaka. Sikujua kama ni ndugu na jiwe la kung'aa.

MzeeNyundo

Ndiyo hiyohiyo, seremala. Na ngeu haipauki juani kwa sababu rangi yake ni ya madini yenyewe, haikupakwa juu. Wazee wa Uzinza, Warongo waliokuwa wafua chuma, waliyajua mawe haya kabla yetu sote.

SonaraMakoroboi

Mimi nauza na kupima dhahabu, niseme ninalolijua. Sisi tunatumia jiwe jeusi, siyo kauri nyeupe. Nasugua pete juu ya jiwe jeusi, pembeni nasugua sindano ya dhahabu ninayoijua kiwango chake, natia tone la asidi, naangalia mstari upi unafutika. Hiyo ndiyo njia ya uhakika kwa madini yote. Kauri nyeupe ni ya wanafunzi.

MzeeNyundo

Sonara, kwa dhahabu uko sahihi, na kwa kazi yako jiwe jeusi linashinda. Ila "madini yote" hapana. Unachofanya wewe ni kulinganisha metali na metali. Dhahabu haisagiki ikawa unga, ni laini, inapakaa. Mstari wako juu ya jiwe jeusi ni utando wa dhahabu yenyewe, na swali lako ni kiwango chake tu, maana unajua tayari kwamba ni dhahabu.

Fundi anauliza jiwe ni nini. Sasa chukua namba 4 yake, ambayo unga wake ni mweusi, uiburuze kwenye jiwe lako jeusi. Utaona nini? Hutaona chochote. Weupe wa kauri ndio unaoutoa unga mweusi waziwazi, na ndio unaokuwezesha kutenganisha wekundu na kahawia na manjano.

SonaraMakoroboi

Hapo nimekuelewa. Lakini mteja akiniletea punje ya njano kutoka duarani, yaani shimo la wachimbaji, bado naanza na jiwe langu.

MamaDagaa_Sengerema

Habari zenu wanangu. Mimi nimesoma hapa mnaongelea dhahabu. Nyumbani kwangu tumechimba kisima, mchanga uliotoka umejaa vitu vya njano vinavyong'aa sana jua likipiga. Jirani amenishauri nisiuze mchanga kwa mafundi wa nyumba mpaka nijue. Je, hii ya kauri naweza kuifanya mwenyewe? Na bei ya dhahabu kwa gramu kwa sasa ni kiasi gani?

SonaraMakoroboi

Shikamoo mama. Bei utaikuta soko la madini, inabadilika kila siku, usiitegemee ya mtandaoni. Kwanza tujue ni nini. Vinavyong'aa sana juani, vikageuka geuka, mara nyingi si dhahabu. Dhahabu ni ya njano hata kivulini.

MzeeNyundo

Mama, unaweza kabisa. Chagua punje kubwa kuliko zote. Iweke kwenye kauri isiyong'aa, ikandamize kwa kichwa cha msumari, uivute kidogo kwa nguvu huku umeibana. Kisha angalia.

Ikipasuka kuwa vijisahani vyembamba, na kigae kikabaki cheupe tu, hiyo ni ulanga. Miamba yetu ya Mwanza, ile ile ya mawe makubwa yaliyobebana hadi Jiwe la Bismarck kule ziwani, ina ulanga mweusi ndani yake. Ukioza kwa maji na hewa unageuka rangi ya dhahabu. Umewadanganya wengi.

Ikivunjika na kuacha mstari mweusi wenye ukijani, ni pairiti, yaani chuma na salfa. Usoni ni ya njano kama shaba nyeupe, unga wake mweusi. Hapo hakuna chai ya kuchota, mwanga haupiti hata katika punje nyembamba. Ule unjano ulikuwa mng'ao wa uso, na uso ukishapondwa mng'ao unapotea.

Isipovunjika, ikakandamizika, ikaacha mstari wa njano unaong'aa, hapo mwendee Sonara.

Jambo moja niliseme mapema lisije likaleta hasara. Mstari mweusi unakuambia punje hiyo ni pairiti. Haukuambii kwamba mwamba wako hauna dhahabu. Kanda yetu hii dhahabu nyingi inatembea na pairiti, nyingine imejificha ndani yake kwa udogo usioonekana. Mnakumbuka sakata la makinikia mwaka 2017: ule ulikuwa unga wa madini ya shaba na salfa uliobeba dhahabu, wala haukuwa wa njano. Swali la kiasi ni la maabara.

MamaDagaa_Sengerema

Ahsante baba. Nimetumia kitako cha kikombe kilichovunjika, ule ukingo wa chini usiong'aa. Vimekuwa kama magamba ya furu, vyepesi, vinanata kwenye kidole. Kigae hakina rangi. Wanangu waliotaka kununua pikipiki nimewaambia wasubiri. Mchanga nauza.

KijanaWaIgoma

Jamani mimi nimejaribu, na hii mbinu hainiridhishi. Nimeokota kigae kwenye jengo linalojengwa hapa jirani, nikaburuza mawe sita tofauti ya barabarani. Yote sita yamechora wekundu au uchungwa. Hata jiwe jeupe kabisa, lile la kwazi, limechora wekundu! Kwa hiyo Mwanza nzima ni hematiti?

FundiMarumaru_Nyegezi

Ndugu yangu, hapa tuko kwenye kazi yangu, niachie. Angalia ubavu wa hicho kigae pale kilipovunjika. Ni chekundu ndani, si kweli? Hiyo ni marumaru ya ukutani ya udongo wa kuchoma. Upande wa juu imepakwa ng'ao mweupe, lakini mwili wake ni udongo mwekundu kama wa tofali. Wewe hukusaga mawe, ulisaga kigae, na wekundu uliouona ni wa kigae.

Tafuta ya sakafuni ya kauri, ambayo ukiivunja ni nyeupe au ya rangi moja mpaka katikati. Mimi naipima hivi: tone la maji upande wa nyuma. Ya udongo inalinyonya mara moja kama sponji. Ya kauri tone linakaa. Pia chora kwa ncha ya kisu. Ya udongo inachimbika, kisu kinatoa vumbi la kigae. Ya kauri nzuri kisu ndicho kinacholika, kinaacha alama ya kijivu ya chuma chake.

Na usitumie iliyokwisha kubandikwa. Gundi na saruji vinabaki kwenye zile mifereji ya nyuma, jiwe linakwangua saruji unadhani ni unga wake. Upande unaong'aa nao haufai, jiwe linateleza tu.

KijanaWaIgoma

Dah. Kweli, ndani ni chekundu kama tofali. Nimepata cha kauri. Sasa kwazi limechora mweupe, na yale mengine manne pia meupe, moja kahawia ya manjano. Mbona meupe ni mengi hivi?

MzeeNyundo

Hapo ndipo kigae kinapofika mwisho wa uwezo wake, na ndipo ilipo namba 3 ya Fundi. Nilikuwa naisubiri.

Kauri hii ina ugumu wa karibu 6.5 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs. Hematiti ngumu kabisa haizidi 6.5 hivi, kwa hiyo inasagika. Kwazi ni 7. Likikutana na kauri, halisagiki lenyewe, linaichimba kauri, na unga mweupe unaouona ni wa kigae chako. Utajuaje? Lowesha kidole, futa mstari. Unga wa jiwe unafutika na kigae kinabaki kizima. Kama jiwe limechimba, ukipitisha ukucha unakwama kwenye mfereji.

Fundi, ifute ile ya namba 3 utuambie.

FundiMarumaru_Nyegezi

Kuna mfereji, Mzee. Ukucha unakwama kabisa.

MzeeNyundo

Basi mstari wako mweupe wa namba 3 si jibu, kigae kimejichora chenyewe. Ponda kipande kidogo cha namba 3 kwa nyundo juu ya chuma safi mpaka kiwe laini kama unga wa sembe, umwage kwenye karatasi nyeupe karibu na unga wa namba 1.

FundiMarumaru_Nyegezi

Nimeponda, kazi ngumu hiyo, limeruka ruka sana. Unga wa namba 3 ni mweupe wenye wekundu hafifu sana, kama waridi iliyopauka. Wa namba 1 ukiuweka pembeni ni kama damu. Yaani jeusi limekuwa jekundu na jekundu limekuwa jeupe.

MzeeNyundo

Ndiyo. Namba 3 ni yaspi, ni kwazi la punje ndogo sana lililochanganyika na vumbi kidogo la hematiti. Chuma kimo, lakini kidogo. Jiwe zima lilionekana jekundu kwa sababu mwanga ulipita ndani ya unene mkubwa, ukakutana na kila chembe ya vumbi lile njiani. Ukilisaga, njia inakuwa fupi, wekundu unayeyuka kwenye weupe wa kwazi. Chukua chupa ya bia ya kijani uiponde, utapata unga karibu mweupe. Ni jambo lilelile.

Tazameni basi. Kwa hematiti rangi ni ya mwili wake wote, ukiisaga inajitokeza. Kwa yaspi rangi ni ya mgeni aliyechanganywa, ukiisaga inapungua. Uso ulionyesha jekundu kwa yule mgeni na jeusi kwa mwenye mji. Mnunuzi aliyechagua kwa tochi alichagua kwazi akaacha chuma. Hematiti safi ina chuma asilimia 70 kwa uzito. Yaspi ya namna ile hakuna tanuru litakaloitaka.

Miamba ya Geita ina tabaka za namna hii, mstari wa kwazi jekundu, mstari wa chuma cheusi, vinapokezana. Shemeji yako bila shaka ameokota namba 1 na namba 3 kwenye mwamba mmoja.

FundiMarumaru_Nyegezi

Nimempigia. Anasema ndiyo, kilima kimoja, hatua chache tu. Nimemwambia asiende tena kwa yule mtu bila kigae mfukoni. Wabeja sana Mzee.

Bado namba 4.

MwalimuKemia_Ilemela

Naomba niichukue hiyo. Inashika sumaku kwa nguvu, kwa hiyo ni magnetiti, `Fe3O4`. Unga wake ni mweusi kwa sababu chuma ndani yake kiko katika hali mbili kwa pamoja, na elektroni zinaruka kutoka atomu moja kwenda nyingine kwa urahisi. Kitu cha namna hiyo kinameza rangi zote, nyekundu ikiwemo, ndiyo maana hata ukikisaga vipi ni cheusi. Hematiti chuma chake kiko katika hali moja tu. Ule wekundu wa mbali Fundi anaouona nadhani ni uchafu uliobaki kigaeni kutoka namba 1. Swali limefungwa.

MzeeNyundo

Mwalimu, maelezo ya weusi wa magnetiti nayakubali yote. Ya uchafu tuyajaribu kabla ya kufunga. Fundi, kipande kipya cha kauri ambacho hakijaguswa. Vunja namba 4. Buruza mara mbili: mara moja karibu na ganda, mara moja katikati kabisa.

FundiMarumaru_Nyegezi

Kigae kipya, nimekiosha na kukikausha. Nimevunja namba 4 vipande vitatu. Kwenye vipande viwili, karibu na ganda mstari ni kahawia wenye wekundu, katikati ni mweusi safi. Kipande cha tatu ni cheusi chenye wekundu kila mahali, ganda na kiini sawa. Vyote vitatu vinashika sumaku, ila cha tatu kwa ulegevu kidogo. Sumaku ninayotumia ni ya spika ya redio iliyokufa.

MwalimuKemia_Ilemela

Basi uchafu haupo, nilikosea hapo. Kwa viwili vya kwanza ni wazi, nje hewa na maji vimeigeuza magnetiti kuwa hematiti, ndani haijafikiwa. Lakini cha tatu?

MzeeNyundo

Cha tatu mageuzi hayakuanzia ganda. Yalipita kwenye nyufa ndogo za punje, kila punje imeliwa kando kando na moyo wake umebaki. Sumaku inaushika ule moyo, kigae kinasaga vyote viwili pamoja, unga unatoka mseto. Umbo la nje linabaki la magnetiti kabisa, kwa macho huwezi kujua.

Fundi akitaka kuhangaika zaidi, aponde kipande cha tatu, anyunyizie unga kwenye karatasi, apitishe sumaku chini ya karatasi, akusanye kinachofuata sumaku peke yake na kinachobaki peke yake, kisha kila kimoja akisugue kigaeni kwa kidole.

FundiMarumaru_Nyegezi

Nimefanya usiku huu. Kilichobaki kimechora mwekundu kama namba 1. Kilichofuata sumaku bado kimechora mweusi wenye wekundu. Nimekiponda tena, nikakitenganisha tena, bado kina wekundu.

MwalimuKemia_Ilemela

Kwa hiyo tuandike ni nini kwenye mfuko? Kwa maoni yangu, kinachoshika sumaku ni magnetiti, tuandike magnetiti.

MzeeNyundo

Mimi ningeandika alichokiona: "cheusi, kinashika sumaku, unga mweusi mwekundu, kimegeuka kwa sehemu." Punje moja ina vyote viwili, na kwa nyundo ya nyumbani hamtavitenganisha. Ni nusu, ni robo, kigae hakijui kuhesabu. Kwa hilo apeleke robo kilo maabara, iwe ya GST, taasisi ya jiolojia ya serikali kule Dodoma, au nyingine inayopima chuma kwa asilimia, na aandike wazi kwamba ni kipande cha tatu, asichanganye na viwili vya kwanza.

MwalimuKemia_Ilemela

Mzee, mnunuzi anataka jina, hataki sentensi.

SeremalaButimba

Fundi, na ile namba 2 kama haina mnunuzi usiitupe. Nakuja Nyegezi Jumamosi na kopo.